Koti Lililolowa

Mvua ya mwezi wa pili kule milimani haina radi wala fujo. Inaanza asubuhi, inashuka polepole na baridi yake, na jioni bado ipo. Rukmani alipanda ngazi za mawe kutoka jikoni mwa bweni la shule, alikopikia watoto dengu na wali tangu alfajiri. Viatu vimejaa maji, mgongo unauma, na kichwani hakuna wazo jingine ila kulala.

Nyumbani alikuwa akimtunza baba mkwe wake, Mzee Bachan Singh, aliyewahi kuwa nyapara wa barabara, na mbwa mmoja asiye wake. Mbwa huyo aliletwa na mumewe, Mukesh, dereva huko Delhi. Matajiri aliokuwa akiwaendesha walihama nchi, wakamwachia mbwa kama watu wanavyoachiana kiti kibovu. Mukesh akampandisha basi, akamfikisha, akalala siku mbili, akarudi kazini. Mbwa aliitwa Supari, yaani popoo, kwa sababu alikuwa mdogo na wa rangi hiyo. Miguu yake ilikuwa kama njiti, na manyoya yake mafupi kiasi kwamba ukimgusa tumbo unagusa ngozi.

Mzee tangu mwanzo alimcheka. Mbwa wa kijiji chao walikuwa na manyoya kama kondoo, wakilala juu ya theluji. "Huyu si mbwa," alisema. "Huyu ni panya aliyesoma."

Rukmani alimjibu kila mara kwa neno lile lile: "Baba, ukimtoa nje mvalishe koti." Koti lilikuja pamoja na mbwa, la pamba, jekundu, lenye kofia ndogo isiyo na maana yoyote.

Siku hiyo alipofungua mlango alimkuta mzee kakaa kitandani, mfarishi mabegani, uso umeng'aa kidogo kwa kujiridhisha.

"Nimemtoa nje kwa haja," alisema. "Na koti nimemvalisha, usije ukaninung'unikia."

"Yuko wapi?"

"Hapo mlangoni. Ametulia leo. Mwanzo alitetemeka mpaka meno yakagongana, sasa ameacha. Koti limefanya kazi."

Rukmani aliweka mwavuli chini. Supari alikuwa amelala ubavu juu ya saruji, pale upepo unapopenya chini ya mlango. Koti lilikuwa bado mwilini. Alipolishika, maji yalichuruzika kati ya vidole vyake. Alimwita mbwa kwa jina. Jicho lilifunguka nusu, likafumba tena. Alimfunua mdomo, akaona fizi zimepauka.

Rukmani alikulia kwa wafuga kondoo. Mwanakondoo anayetetemeka bado anapigana na baridi. Anayeacha kutetemeka huku mwili ni wa baridi, huyo ameshindwa kupigana.

"Baba, umemtoa lini?"

"Mchana. Baada ya chakula." Sauti ya mzee ilipungua. "Si ulisema koti?"

Rukmani alipiga magoti. Alilivua koti, akalitupa kwenye karai. Alimfunga mbwa kwa taulo kavu, akawa anabonyeza maji yatoke, bila kusugua. Kisha akampigia simu daktari wa mifugo wa mjini. Daktari alikuwa ng'ambo ya pili ya maporomoko ya ardhi. Barabara ilikuwa imefungwa na udongo tangu adhuhuri.

"Usimtumbukize kwenye maji ya moto," daktari alisema. "Usimsogeze kwenye moto. Chupa yenye maji ya uvuguvugu, uifunge kitambaa, kifuani na tumboni. Miguu iache, itapata joto baadaye. Umpashe polepole, mama. Na usimpe kitu mdomoni mpaka ainue kichwa mwenyewe, asije akapaliwa."

Rukmani alichemsha maji, akayapoza kwa ya bomba, akaijaribu chupa kwenye kifundo cha mkono wake, akaivisha soksi ya Mukesh. Alivua sweta lake lililolowa, akavaa kavu, akaketi kitandani, akamlaza mbwa kifuani mwake, chupa katikati, blanketi juu. Moyo wa Supari ulikuwa ukipiga polepole, pigo moja mbali na jingine, kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

Mzee akatoka, akarudi akikokota jiko la mkaa kutoka barazani. Aliliweka katikati ya chumba, akafunga mlango, akaanza kusokomeza gunia chini yake kuziba upepo.

"Litoe, Baba."

"Wewe unataka afe?"

"Sitaki tufe sote. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu wakiwa usingizini. Nimechoka, nikisinzia hapa sitaamka. Litoe nje, gunia liache hapo."

Mzee alisimama na jiko lake. Alizoea kuamuru vibarua mia, na sasa mke wa mwanawe alikuwa anamwamuru bila hata kumwangalia. Alilitoa. Aliporudi, badala ya kurudi kitandani kwake, alichukua chupa iliyopoa, akaenda kuijaza upya. Alimwaga nusu ya maji sakafuni, lakini akaileta, na soksi akaivisha mwenyewe.

"Jaribu kwanza isiunguze," Rukmani alisema.

"Nimejaribu. Kwenye shavu."

Mvua iliendelea. Hakuna aliyewasha taa. Rukmani alihisi macho yakifumba, akajifinya paja asilale. Alimkasirikia Mukesh, akamkasirikia mzee, kisha akakumbuka ni yeye aliyesema koti, koti, kila siku, na hakuwahi kusema: likilowa livue. Hasira ikakosa pa kukaa.

Giza lilipoanza kuingia, kitu kilimtikisa kifuani. Kilikuwa kidogo, kikaacha, kikaja tena kwa nguvu. Supari alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Amezidiwa?" mzee aliuliza, amesimama.

"Hapana. Amerudi."

Mzee alikaa chini, akafuta pua kwa ncha ya mfarishi, akageukia ukutani kama mwenye shughuli huko.

Mbwa alipoinua kichwa na kulamba kidole, walimpa maji vuguvugu yenye sukari guru, tone kwa tone. Baadaye akala wali laini, akalala, masikio yake yakiwa yamepata joto.

Kesho yake, Rukmani aliporudi kutoka bwenini, mzee alikuwa ameshaweka kasha tupu la matufaha pembeni, mbali na mlango, juu ya matofali ili lisiguse saruji. Ndani alikuwa ameweka gunia kavu lililojazwa majani ya mpunga. Rukmani akatoa kabatini sweta la sufu la shule la Mukesh, akakata mkono mmoja wa sweta hilo, akautoboa matundu mawili ya miguu. Mkono huo ulimfunika Supari kifua na tumbo. Vazi la kutokea mvuani alilishona kwa kipande cha koti kuukuu la mvua.

"Hili la plastiki akiingia tu unalivua," alisema. "Unamkausha, ndipo unamvisha la sufu. Na la sufu likilowa, nalo livue. Koti bichi ni baya kuliko uchi."

"Nimesikia, mwanangu. Nilikuwa nyapara, si kiziwi."

Mukesh alipiga simu jioni. Aliuliza kama mvua imeisha, kama mbwa mzima.

"Mzima," Rukmani alisema. "Baba naye mzima. Mimi nimechoka, Mukesh. Njoo ukae walau wiki moja, nilale."

Mukesh akasema ataomba ruhusa. Rukmani hakujua kama amwamini. Alijilaza na viatu miguuni. Mzee alikuja taratibu, akamvua kimoja, halafu cha pili, akavipeleka jikoni vikauke.