Taa ya Mzee Soudi

Salama aliifunga ampuli ile, balbu mpya ya chumba cha baba yake, kwa mara ya nne, akaona bora aketi chini sakafuni. Alikuwa amefundisha wiki nzima ng'ambo ya mto, Alunguli, watoto sitini na wawili darasa moja, na sasa Jumamosi yake yote ilikuwa inaliwa na taa. Taa, jamani! Kitu cha kubonyeza tu!

Lakini bila taa hiyo kazi ilikuwa imekwisha. Zamu yake ya mchana ilitoka saa kumi na moja na nusu, halafu foleni ya pirogi, ule mtumbwi wa kuvukia, halafu mto, na kufika nyumbani, mtaa wa Kasuku, giza limeshaingia kitambo. Baba yake, Mzee Soudi, macho yake yalikuwa na ukungu. Jioni ikiingia hakuona hata mkono wake. Wiki mbili zilizopita aliinuka kutafuta kitufe cha taa, akaanguka, na Salama alimkuta sakafuni amejiinamia, anamwambia, "Si kitu, mwanangu, nilikuwa napumzika." Napumzika! Nestor, mkurugenzi wa shule, alimwonea huruma, akamruhusu kutoka mapema, lakini huruma nayo ina mwisho: kufika Jumatatu, ama ashike zamu yake mpaka mwisho, ama aiache kwa mwingine. Miaka kumi na minne ya chaki.

Ndipo akanunua ampuli hii ya kuwashwa kwa simu, popote ulipo. Ukiwa na Wi-Fi nyumbani, basi. Na Wi-Fi ilikuwapo: modemu ya kadi ya simu juu ya kabati, ikila umeme wa paneli za jua pamoja na taa.

Ampuli ikawa inapepesa haraka haraka, ishara kwamba inangoja kuunganishwa. Salama akaandika neno la siri kwenye simu. Duara likazunguka, likazunguka, likasema: imeshindikana.

"Zima," alisema Mzee Soudi kutoka kitandani. "Inaumiza macho."

Neno lile Salama alilijua tangu utoto. Miaka ya vita, alipokuwa na miaka kumi na miwili, koroboi yao iliwashwa chini ya meza, nguo imening'inizwa dirishani, na buti zikisikika barabarani baba alisema hivyo hivyo, kwa sauti ndogo: zima. Nyumba yenye mwanga ndiyo iliyobishiwa hodi. Vita vilikwisha, lakini mkono wa mzee haukupata habari. Akipita karibu na kitufe, anazima.

Alasiri akaja Gédéon, kijana wa duka la simu aliyemuuzia ampuli. Akaligeuza boksi la ampuli, akaonyesha herufi ndogo ndogo.

"Madame, angalia. 2.4 GHz tu. Modemu yako iko na masafa mawili: ya zamani, 2.4, na mapya, ya 5. Hii ampuli inasikia ya zamani peke yake."

"Kitu kipya hivi kinataka vya zamani?"

"Njo vile, ndivyo ilivyo. Redio yake ni ya bei ndogo, haili umeme mingi. Na haina kazi na mbio. Inangoja neno moja tu, waka ao zima. Masafa ya 5 yana mbio, lakini ukuta unayachosha. Ya zamani yanapita ukuta, yanaenda mbali." Akafungua ukurasa wa modemu kwenye simu ya Salama, akacheka. "Lakini hapa kwako ya zamani imefungwa. Nani alifunga? Hata ungeandika neno la siri mara mia, ampuli haioni kitu."

Salama akaona uso unawaka. Aliyefunga ni yeye.

Nyuma ya ukuta wa chumba cha baba kulikuwa na baraza la Mama Françoise, mjane aliyekaanga mikate jioni. Mzee Soudi alimpa neno la siri mwenyewe, kwa ukarimu wake usiouliza, na kila jioni yule mama aliegemea ukuta akiongea kwa picha na binti yake Christelle, aliyeolewa Lubutu. Furushi la intaneti likawa linaisha kabla ya mwezi. Salama alikasirika, tena sana, lakini utamwambiaje mama mzima, aliyekupikia miaka yote ya vita, "ondoka kwenye Wi-Fi yangu"? Kubadilisha neno la siri, angekuja kuliuliza. Kwa hiyo alifanya la kimya. Simu ya Françoise ilikuwa ya kale, haikujua masafa ya 5. Wiki tatu zilizopita Salama aliyafunga yale ya zamani, na yule mama alipouliza akajibu, "Eh, Mama, réseau imeharibika, mtandao hakuna." Akaonekana kuamini. Hakurudi kuketi pale.

"Nifungue?" Gédéon aliuliza.

"Fungua."

Neno la siri lilibaki lile lile. Salama alichoka hata kufikiria jipya. Simu ikahamia masafa ya zamani, akazima na kuwasha ampuli mara tano kama karatasi ilivyoelekeza, ikaanza tena kupepesa. Duara likazunguka. Halafu ampuli ikatulia, na akaiwasha kwa kidole akiwa uani. Alitamani kupiga vigelegele, akakosa pumzi.

"Kitufe cha ukutani kisizimwe hata mara moja," Gédéon alionya. "Umeme ukikatwa pale, ampuli inakufa, simu haitaipata."

Salama akakibandika utepe wa gundi. Akamwambia baba mara tatu. Baba akaitika mara tatu.

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, pirogi ilikuwa katikati ya mto alipofungua simu. Ampuli haipatikani. Akabonyeza. Haipatikani. Akajua papo hapo: mzee amebandua gundi, amezima. Akamwona akilini anainuka gizani, anapapasa. Nahodha hakuwa na haraka, na Salama akalia mbele za watu bila haya, kwa uchovu zaidi kuliko kwa huzuni. Kesho atamwambia Nestor. Basi, imekwisha.

Simu ikameta mkononi. Ampuli: imewashwa.

Hakuwa ameigusa. Akapiga simu ya baba.

"Njo mimi, mwanangu," alisema Mama Françoise. "Baba yako ameketi, hana shida. Réseau imerudi yenyewe leo! Nilikuwa pale ukutani naongea na Christelle, nikaona dirisha liko giza. Nikaingia, nikamuwashia kama siku zote."

"Siku zote?"

"Eh. Jioni namuwashia, namuachia mikate miwili, naenda zangu. Hakukwambia? Wanaume na haya zao. Ilipokatika réseau nikasema, pengine mmenichoka. Nitaingia na uso gani?"

Miezi yote ile alidhani baba anajiwashia mwenyewe.

"Mama," akasema, "haikuharibika. Ni mimi nilifunga. Nisamehe."

"Nilijua," alisema Françoise. "Ngoja, nimuzimie kwanza hii taa ya chumba, iko na mwangaza mingi."

Nyuma ya Françoise, Salama akasikia sauti ya baba, kubwa, isiyonong'ona.

"Usizime, Françoise. Mtoto yuko njiani."