Garanti ya Nyumba Namba Tatu

Sijaona alisoma mpaka darasa la sita tu, lakini katika ua wa marehemu mumewe pale Bwiza hakuna aliyethubutu kubishana na kaye zake, madaftari yake ya hesabu. Zilikuwa mbili. Ya kwanza, yenye jalada la bluu, ilikuwa ya kodi. Ya pili, nyekundu, ilikuwa ya garanti, ile pesa ya miezi mitatu ambayo mpangaji huitoa siku ya kuingia na kurudishiwa siku ya kutoka. Kila mpangaji alikuwa na ukurasa wake, na nyuma ya ukurasa iliwekwa karatasi ya hali ya nyumba, iliyoandikwa siku ya kukabidhiwa funguo na kutiwa saini na pande zote mbili.

Mumewe, Massoudi, ndiye aliyejenga nyumba zile tano za kupangisha, mwaka huu chumba, mwaka ule choo. Hesabu alimwachia mkewe tangu mwanzo. "Mi mikono, we kalamu," alizoea kusema mbele ya wageni, naye Sijaona angeinamisha uso kana kwamba hakusikia, huku moyo umejaa.

Eda ilipomalizika, shemeji yake Khaled alikuja kutoka Buyenzi, ambako alikuwa na karakana ya magari. Massoudi hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mjane, binti mmoja, Houda, na ndugu huyo mmoja. Kwa hiyo Khaled alikuwa na fungu lake halali, na hakuna aliyemnyima. Aliketi sebuleni, akanywa chai yake ya tangawizi, akaomba kuonyeshwa mali.

Sijaona alimwekea kila kitu mezani: hati za kiwanja, kaye ya bluu, na vitabu viwili vya ushirika wa akiba. Khaled alifungua cha pili, akasoma tarakimu ya mwisho, akaweka kikombe chini.

"Milioni mbili na elfu mia moja! Na mulikuwa munauza friji kaka alipougua?"

"Tuliuza friji."

"Pesa zote hizi zikiwa benki?"

"Hizo si zetu, shemeji. Ni garanti za wapangaji. Ndiyo maana ziko kwenye kitabu chake peke yake."

Khaled akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani anafanyiwa mzaha. "Kitabu kina jina la kaka. Pesa yenye jina lake ni yake, na ya kaka inagawiwa."

"Jina lake, lakini amana ya watu," alisema Sijaona. "Kodi ikiingia ni yetu. Garanti ikiingia ni deni. Inabaki deni mpaka mutu atoke, na hata akitoka tunakata kile alichoharibu tu. Na we unajua, deni la maiti linalipwa kabla ya mirathi."

Hilo Khaled alilijua, maana hakuna Mwislamu asiyelijua. Lakini kulijua msikitini ni jambo moja, na kulitazama likiwa milioni mbili na ushei ni jambo jingine. Mwezi ule karakana yake ilikuwa na magari matatu yaliyosubiri vipuri. Akasema tu, "Tutaona."

Hawakungoja siku nyingi kuona. Léoncie, muuguzi aliyekaa nyumba namba tatu kwa miaka minne na wanawe wawili, alileta taarifa ya kuhama. Alikuwa amemaliza kujenga kwake Kinama, chumba kwa chumba, kwa mshahara wa muuguzi, na alipomwambia Sijaona, wanawake hao wawili walishikana mikono mlangoni wakicheka kama wasichana. Garanti yake ilikuwa faranga elfu mia nne na hamsini, kodi ya miezi mitatu ya elfu mia na hamsini.

Siku ya makabidhiano Khaled alifika kabla ya saa tatu. Sijaona hakumkataza. Alichukua kaye nyekundu na karatasi ya hali ya nyumba, wakaingia watatu, Léoncie mbele. Nyumba ilikuwa tupu, imepigwa deki, inanuka sabuni.

Khaled alianza na kuta. "Tazama rangi hii. Imekwisha kabisa. Andika rangi."

"Rangi ilipakwa kabla hajaingia," alijibu Sijaona. "Miaka minne watu wanaishi, wanapika, wanaegemea. Rangi lazima ichakae. Uchakavu haukatwi, shemeji, kinachokatwa ni uharibifu. Angepiga misumari ishirini ukutani, hapo ningeandika."

"Na mlango? Huu mkwaruzo mrefu?"

Sijaona alimpa karatasi. Mstari wa nne, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Mlango wa mbele, mkwaruzo upande wa kushoto, ulikuwepo.* Chini, saini ya Léoncie na ya Massoudi. Khaled aliisoma mara mbili, akairudisha.

Funguo zilitolewa mbili, ukarudi mmoja. Léoncie mwenyewe alisema mwanawe aliupoteza mmoja shuleni. Kuchonga mwingine ni elfu sita. Sijaona akaandika elfu sita.

Kisha wakafika bafuni. Lavabo, beseni la kunawia la ukutani, ilikuwa na ufa kutoka ukingoni mpaka kwenye tundu la maji, na imeinama upande mmoja kama mtu aliyechoka.

"Ilipasuka mwezi uliopita," alisema Léoncie kwa sauti ya chini. "Mwanangu mdogo aliiegemea akipiga mswaki. Sitaficha, Mama Houda. Kateni."

Karatasi ilisema: *Lavabo, mpya, nzima.* Sijaona alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akapiga hesabu gotini. Lavabo kama ile, dukani elfu mia mbili. Fundi elfu arobaini. Jumla elfu mia mbili na arobaini.

"Basi zote hizo," alisema Khaled.

"Apana. Lavabo inakaa miaka kumi. Hii imetumika minne, na minne hiyo amelipia kodi. Hawezi kutununulia mpya kwa ya zamani. Analipa sehemu sita kati ya kumi: elfu mia na arobaini na nne. Zinazobaki, elfu tisini na sita, ni juu ya nyumba." Akajumlisha na ufunguo. "Makato ni elfu mia na hamsini kamili. Unarudishiwa elfu mia tatu."

Léoncie aliitikia kwa kichwa, ingawa ilionekana wazi kwamba pesa ile alishaipangia mabati ya jiko la nje. Khaled naye hakuridhika. Alitaka kuonyesha kwamba ufa ule haukuwa wa kuegemea tu, kwamba watoto walipanda juu, ili alipwe thamani nzima. Alikuwa fundi, na fundi hawezi kusema kitu kimevunjikaje bila kukitazama. Akavua saa, akalala chali sakafuni, akawasha taa ya simu, akaingiza kichwa chini ya lavabo.

Alikaa humo muda mrefu.

"Nani aliifunga hii?" sauti yake ilitoka chini, imebadilika.

Sijaona alijua jibu, na lilimchoma. "Kaka yako. Wiki ile ile Léoncie alipoingia."

Khaled alitoka, akaketi sakafuni na vumbi kwenye ndevu. Angeweza kusimama, akajifuta, akasema sioni kitu. Wanawake wale wasingejua kamwe. Léoncie alikuwa ameshakubali, na elfu mia na arobaini na nne zingebaki.

"Bolti ni moja," alisema. "Upande wa kulia hakuna. Amefunga kwa waya, na waya umeoza na kutu. Uzito wote ulikuwa kwenye bolti moja. Lavabo iliyofungwa vizuri hata mi nikiiegemea haipasuki. Mutoto hana kosa."

Sijaona alikumbuka ile siku: bolti ilikosekana, duka limefungwa, Massoudi akasema atairudia Ijumaa baada ya swala. Ijumaa ikapita na nyingine zikapita. Mumewe alikuwa mtu mwema na fundi hodari, na kazi hii moja hakuimaliza. Kulisema hilo mbele ya mpangaji, wakati kaburi lake bado jipya, kulikuwa kama kumvua kofia hadharani. Lakini kumkata Léoncie kwa bolti ya Massoudi kungekuwa kumwongezea marehemu deni jingine.

Hakuchana ukurasa. Alipiga mstari mmoja juu ya ile elfu mia na arobaini na nne, ili ionekane ilikuwepo, akaandika kando: *Imefutwa. Lavabo ilifungwa vibaya na mwenye nyumba.* Akatia saini. Kisha akamgeuzia kaye Khaled.

"Na we uandike jina lako. We ndiye shahidi."

Khaled alifuta vidole kwenye suruali kabla ya kushika kalamu.

Siku ya pili walikwenda ushirika pamoja, kwa kuwa baada ya kifo pesa ile ilitoka kwa saini mbili za warithi. Zilitolewa elfu mia nne na hamsini, zote za ukurasa wa Léoncie, si faranga moja zaidi. Elfu mia nne na arobaini na nne zikahesabiwa mbele ya Léoncie, na elfu sita zikaingia sanduku la matengenezo kuchongea ufunguo. Ukurasa wa namba tatu ukafungwa kwa sifuri.

Léoncie alitia saini ya kupokea, lakini hakuondoka mara moja. "Nimepanga nyumba nne hapa mjini," alisema. "Garanti sijawahi kuiona ikirudi. Kila mara kuna rangi, kuna mlango, kuna sijui nini. Hii ni mara ya kwanza." Akamkumbatia Sijaona, na kwa Khaled akainamisha kichwa kwa heshima. "Asante, fundi."

Wakirudi kwa miguu, Khaled alisema, kana kwamba anazungumza na barabara, "Lavabo mpya nitaifunga mwenyewe. Bolti mbili." Sijaona alikubali. Alitembea akiwa amenyoosha shingo, na wauza nyanya wa pale kona walimwamkia kwa sauti kubwa kuliko kawaida, ama ndivyo alivyosikia.

Jumapili iliyofuata wazee wawili wa msikiti walikuja kugawa mirathi. Walipanga hati, wakahesabu kodi zilizokusanywa, wakaandika nusu ya Houda, thumuni ya Sijaona, na baki ya Khaled. Mmoja wao alichukua kitabu cha pili cha ushirika, akakifungua, akainua nyusi.

"Na hizi milioni moja na elfu mia sita na hamsini?"

Sijaona alifungua mdomo kujibu, lakini Khaled alimtangulia.

"Hizo hazimo, mzee," alisema. "Ni za watu wanne, kila mmoja na ukurasa wake. Muulize shemeji yangu, anazijua mpaka faranga ya mwisho."

Mzee alikifunga kitabu, akakisukuma upande wa Sijaona, nao wakaendelea na hesabu.