Bata Ndani ya Ganda

Dada Qu alitukataza neno moja tu: mng'ao. Usiliandike, alisema, hata kwa kulikataa. Ukiiandikia mashine ya kuchora picha "pasiwe na mng'ao", inashika mng'ao na kuiacha ile "pasiwe". Asubuhi nzima tulikuwa tumeandika hivyo, meza tatu, tukiomba picha ya mkasi ndani ya ganda la plastiki, lile gumu linalofunika bidhaa mbele na nyuma. Kila mara mashine ilitupa ganda lenye doa jeupe katikati kama taa ya lori, na mkasi umepotea chini yake.

"Mnaiambia isifanye nini," alisema, akiwa amesimama nyuma yetu na chupa yake ya maji ya moto. "Iambieni taa ziko wapi."

Akakaa, akaandika. Taa moja pana na laini, juu na nyuma kidogo. Ubao mweusi mbele, ili uso wa plastiki uakisi weusi. Plastiki safi inayopitisha mwanga, yenye mstari mwembamba wa nuru kwenye kingo na kuzunguka tundu la kuning'inizia, basi. Mkasi ndani unaonekana wote, na maandishi ya kadi yanasomeka. Picha ikatoka. Ganda ulikuwa unaliona kwa kingo zake, na mkasi ulikuwa unauona kama umeushika.

"Na ile mistari ya pembeni ya nini?" nikamuuliza.

"Ukiitoa, plastiki inatoweka. Mteja ataona mkasi unaelea hewani, kisha akiletewa ulio ndani ya ganda atasema tumemdanganya."

Kwa makopo ya chai yaliyofungwa kwa nailoni ya kubana aliandika vingine: nailoni imekaza, mikunjo midogo kwenye pembe tu, mshono mmoja nyuma. Hakuna kitabu kilichomfundisha. Alikuwa amepiga picha za bidhaa za soko la Yiwu, hapa Uchina, kwa miaka mingi, na maneno aliyokuwa anaiandikia mashine ni yale yale mikono yake ilikuwa inayafanya kwa taa na mbao.

Mwaka ule Meneja Lou aliuza karibu taa zote za studio. Akaacha taa moja, kamera moja, meza moja, na Dada Qu, kwa sababu mashine bado ilihitaji mtu wa kusema nayo. Dada Qu alibakiza miezi kumi na minne kutimiza miaka kumi na mitano ya michango, ambayo bila hiyo hapati pensheni. Aliijua hesabu hiyo kama mtu anavyojua umri wa mwanawe, na alituambia waziwazi. Lou naye aliijua. Hilo naomba lisisahaulike.

Sharti la pili la Dada Qu lilikuwa picha ya kweli kwanza. Kabla ya kuandika neno lolote alikuwa anaiweka bidhaa mezani, anaiinamisha, anaweka ubao mweusi pale plastiki inapotazama, anazungusha kioo cha kuchuja mwanga mbele ya lenzi mpaka weupe unakufa. Kioo kimoja tu, cha lenzi. Ukiweka kingine kwenye taa, alisema, plastiki iliyofinyangwa inatoa rangi za upinde wa mvua, na mashine itadhani ndiyo mapambo yake. Picha hiyo ndiyo aliyokuwa anaipa mashine, iiangalie ikifanya kazi.

Mwezi wa tano kikaja kiwanda cha bata. Bata wa plastiki wa manjano, anawaka taa tumboni, wa kuuzwa kwenye maduka ya Poland. Kiwanda hakikuleta sampuli. Kilituma picha ya simu: bata ndani ya ganda, amelala ubavu, na weupe umefunika kuanzia bawa hadi mkia.

Dada Qu aliitazama akasukuma kibodi mbali.

"Hapa chini ya weupe kuna nini?"

"Bata," alisema Lou.

"Najua ni bata. Ubavuni ana nini? Kifuniko cha betri? Kina skrubu?"

"Dada Qu, unauza bata au unamchinja? Ondoa weupe, mashine itajaza."

"Mashine haijui, Meneja. Itakisia. Pale kamera haikuona kitu, itachora kitu cha kupendeza. Hizi ni betri ndogo, watoto wanazimeza. Nipe siku mbili nikalete sampuli mwenyewe."

"Mteja anataka leo."

"Basi mpe picha ya bata kwa mbele. Ubavu usionyeshe."

Lou akacheka, akamgeukia mtu wa jirani. "Mwone huyu. Zamani alikuwa analalamika mashine inamnyang'anya kazi, siku hizi anailea kama mjukuu." Watu wakacheka. Nilicheka na mimi. Nasema hivyo kwa sababu wengine waliocheka siku hizi wanadai hawakuwepo.

Kesho yake Dada Qu aliomba ruhusa akapanda basi kwenda kiwandani, saa mbili na nusu za barabara, kwa nauli yake. Kompyuta yake aliiacha wazi. Alikuwa anaiacha wazi siku zote, tuchukue maelekezo yake tukikwama.

Lou alinijia kabla ya chakula cha mchana.

"Ruan mdogo, kaa hapo kwa Dada Qu. Maelekezo yake yamo. Nitolee bata."

"Amesema tungoje sampuli."

"Nimekuuliza amesema nini?" Akaweka mkono begani mwangu. "Wewe mkataba wako unaisha lini?"

Niliketi. Nilichukua maelekezo yake yote, taa pana, ubao mweusi, mistari ya kingo, nikayabandika juu ya picha ya simu. Weupe haukutoka, maana mashine ilikuwa inauona kwenye picha na kuufuata. Nikajaribu mara nne. Mara ya tano nikaongeza kwa mkono wangu: "Ondoa mng'ao, onyesha kila kitu kilicho chini yake." Safari hii niliipa mashine uhuru mkubwa wa kubadili, na nikapaka alama juu ya doa ili ichore pale tu.

Ikachora. Ubavu laini, kifuniko kidogo cha duara, na katikati yake skrubu moja inayong'aa. Ilikuwa nzuri sana, hata kivuli chake kilikuwa mahali pake. Lou akaituma Poland kabla sijala wali wangu.

Dada Qu alirudi jioni na bata kwenye mfuko wa mboga. Hakuvua hata koti. Akafungua ganda mbele yetu, akatia ukucha ubavuni mwa bata, kifuniko kikaruka, betri tatu zikaanguka mezani.

"Hakina skrubu," alisema. "Kinafunguka kwa kucha."

Akapiga picha, akaandika, na baada ya dakika arobaini alikuwa na picha ya kweli: ganda safi, bata wazi, kifuniko bila skrubu. Akaiweka kwenye skrini pembeni ya ile yangu. Alinitazama. Ningependa angenitukana.

"Meneja, tuma hii. Waambie ile ilikuwa kosa."

"Iache hapo," Lou alisema. "Nitaona."

Hakuona. Wiki tatu baadaye, Jumatano, mkaguzi wa mteja alifika kiwandani na picha yangu mkononi. Aliweka bata pembeni ya picha, akatia ukucha, akakataa mzigo mzima.

Alhamisi asubuhi tulipangwa mistari miwili kwa kikao, kama kila siku, tukapiga makofi na kutaja malengo ya wiki. Kisha Lou akamwita Dada Qu mbele.

"Picha ya bata imetoka kwenye akaunti ya nani?"

"Yangu."

"Soma maelekezo yaliyoitengeneza. Kwa sauti, wenzako wajifunze."

Akapewa karatasi. Alivaa miwani taratibu. Akasoma taa pana na laini, juu na nyuma kidogo. Akasoma ubao mweusi, kingo, tundu la kuning'inizia. Ilikuwa kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe juu ya kaburi. Halafu akafika pale.

"Ondoa mng'ao," alisoma. Akavua miwani. "Hii si yangu."

"Ni akaunti yako."

"Sentensi si yangu. Waulize hawa. Kuna hata mmoja hapa aliyewahi kuniona nikiandika neno hilo?"

Tulikuwa kumi na wanne. Kila mmoja alilijua katazo lile, wengine walikuwa wamelibandika kwenye karatasi pembeni ya skrini. Na siku ile aliyosafiri kila mmoja aliniona kwenye kiti chake.

"Haya, tuulize," alisema Lou. "Ruan mdogo. Wewe unakaa karibu naye. Kiti kile ni cha nani?"

Hakuuliza nani aliandika. Aliuliza kiti.

"Cha Dada Qu," nikasema.

"Umesikia? Mtu mzima anachora skrubu isiyokuwepo, watoto wa watu wameze betri, kisha anasingizia wenzake." Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, kwa adabu. "Inama mara tatu, uombe radhi."

"Sitainama."

"Basi toka umesimama."

Bi Shen wa utumishi alikuwa tayari mlangoni na barua. Kosa zito, hakuna fidia, michango inasimama mwezi huu. Nilikuwa mstari wa mbele, niliiona tarehe. Ilikuwa ya Jumatatu. Mkaguzi alikuja Jumatano. Meneja Lou alikuwa ameshaandaa barua, akingoja kosa la kuijaza, na bata wangu akamfikia kwa wakati.

Dada Qu alikusanya chupa yake, kioo chake cha lenzi, na mto wa kukalia. Bata alimwacha mezani ndani ya ganda lake. Alipopita kwangu alisimama.

"Kiwango cha kubadili uliweka ngapi?"

"Tisini kwa mia."

"Nyingi," alisema. "Ndiyo maana skrubu ilikuwa nzuri." Akaondoka.

Nimesikia anauza mikate ya mvuke karibu na kituo cha mabasi, na kwamba bado anadai miezi ile kwenye ofisi za kazi, akipewa tarehe baada ya tarehe. Aliomba shahidi. Ofisi ilituandikia sote kumi na wanne. Hakuna aliyejibu, na barua yangu naijua ilipo.

Maelekezo yake yamo kwenye folda ya kampuni, neno kwa neno, na folda inaitwa Mtindo wa Lou. Kiti nimepewa mimi. Jana kimekuja kikaragosi cha kuimba, ndani ya nailoni ya kubana, picha ya simu, weupe umefunika mgongo wote. Nikasema tungoje sampuli.

"Mashine itajaza," alisema Lou, na mkono wake ukaja begani.

Nimeshaandika: ondoa mng'ao. Siku hizi nikienda hata chooni, nafunga akaunti.