Kuku Ndani ya Beseni

Sabuni ya Mama Kuku haikuwa na jina la maana. Ilikuwa na picha tu: kuku ameketi ndani ya beseni, amenuna kama mtu aliyelazimishwa kuoga. Binti yake ndiye aliyeichora akiwa na miaka tisa, siku alipougua surua na kukosa kazi ya kufanya. Mama aliipenda, akaisajili kuwa alama ya biashara katika daraja la tatu, daraja la sabuni na vipodozi, kisha akampa fundi rangi kazi ya kuichora kwenye kuta za maduka mji mzima, na chini ya kuku namba ya simu ya Mama mwenyewe. Miaka ishirini na mbili imepita. Kuku bado amenuna, na namba haijabadilika.

Aliyebadilika ni binti. Miaka saba nyuma alipika sabuni yenye harufu ya ndimu bila ruhusa, pipa zima. Mama akaimwaga mtaroni mbele ya wafanyakazi wote, tena kwa mbwembwe, akisema sabuni si uturi. Ilikuwa hasira ya dakika tano. Binti alivua aproni, akaitundika msumarini, akaondoka. Barua tatu alizotumiwa hazikujibiwa. Simu yake haikupatikana tena. Aproni iko pale pale msumarini, na ole wake atakayeigusa.

Ndiyo maana wakili alipofungua Jarida la Msajili wa alama za biashara na kumwonyesha ombi jipya la usajili, Mama Kuku aliliangalia jina la mwombaji, jina la binti yake, muda mrefu kuliko alivyoiangalia picha.

"Mama, tazama hapa chini," wakili alisema. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye tai fupi na imani kubwa katika kazi yake. "Kuku ndani ya beseni. Daraja la tatu. Sabuni ya kufulia. Tuna siku sitini tangu tarehe ya jarida kuweka pingamizi, na kumi na nane zimeshakwenda."

"Huyu ana vifaranga wawili."

"Vifaranga hawamwokoi. Msajili haziweki alama mbili mezani akazipima kwa rula. Anajiuliza mnunuzi wa kawaida ataona nini. Mnunuzi hana picha zote mbili mkononi, ana moja tu mbele yake, na nyingine anaikumbuka kwa mbali. Na sabuni ya kufulia haichunguzwi kama gari. Mtu anaona kuku, anaona beseni, anatia kapuni."

"Mimi nakuuliza, hao vifaranga ni wa nini?"

Wakili alicheka kidogo, akidhani ni utani. Haukuwa utani.

"Kilichobaki ni ushahidi," akaendelea. "Si lazima tuonyeshe kuwa watu wameshachanganyikiwa, uwezekano tu unatosha. Lakini tukimpata hata mmoja aliyechanganya, itatusaidia sana."

Mama Kuku akafungua pochi, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu, akalisukuma mezani kwa shingo upande.

Zilikuwa simu arobaini na moja, za miezi minane. Tarehe, namba ya mpigaji, na maneno yake. *Anasema harufu ya ndimu inadumu hata nguo ikikauka. Anauliza kwa nini siku hizi tumepunguza kipande. Anashukuru, mikono ya mama yake haiwashi tena.* Wateja walikuwa wananunua sabuni ya binti, wanamwona kuku ukutani, wanaipiga namba iliyo chini yake. Wanamsifu Mama Kuku kwa sabuni aliyoimwaga mtaroni.

"Na wewe uliwajibu nini?"

"Nilisema asante."

"Hukuwaambia wamekosea?"

"Ningewaambia, wangekata simu."

Wakili alilifungua tena daftari ukurasa wa kwanza. Mama Kuku naye alikuwa ameshasema zaidi ya alivyokusudia. Hakuwa mtu wa kulia ofisini kwa watu. Lakini ukweli ni kwamba katika nyumba yake ya vyumba vitatu, simu hizo ndizo zilizokuwa habari pekee za mwanawe. Binti yupo, anapika sabuni, mkono wake umekuwa mzuri. Mengine alijijazia mwenyewe.

"Tukishinda," aliuliza, "simu zitakoma?"

"Ndiyo lengo lenyewe, Mama."

"Na tukiweka pingamizi, yeye atafanya nini?"

"Atapelekewa nakala. Akitaka ombi lake liendelee, lazima alete majibu kwa maandishi, aya kwa aya, anakubali lipi na anakanusha lipi. Akikaa kimya, litahesabiwa kuwa ameliacha."

"Lazima ajibu?"

"Lazima."

Barua tatu zimekwenda na maji, sasa kumbe kuna barua ambayo sheria yenyewe inamdai mtu aijibu. Mama Kuku alivuta kiti mbele.

"Andika," akasema. "Aya ya kwanza, andika kwamba picha hii ilichorwa na binti yangu akiwa na miaka tisa, alipokuwa mgonjwa, na mimi nilikaa naye kitandani."

"Kitanda hakina uzito kisheria, Mama."

"Andika."

Wakili aliandika. Kisha akaandika yaliyo na uzito: kwamba alama ya mpinzani, yaani Mama Kuku, ilitangulia kusajiliwa na imetumika mfululizo, kwamba bidhaa ni zile zile, zinauzwa kwenye rafu zile zile, kwamba alama zikitazamwa kwa ujumla wake wazo ni moja, kuku ndani ya beseni, kwamba mnunuzi atadhani sabuni zote mbili zimetoka nyumba moja.

"Hapo ndipo hujakosea," alisema Mama Kuku, akatia sahihi.

Majibu yaliletwa siku chache kabla ya muda kwisha. Wakili alimwita ofisini, naye akaja amevaa gauni la Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Karatasi zilikuwa nne. Anwani iliyokuwapo ni ya wakili wa upande wa pili tu. Akasoma kwa kidole.

*Aya ya kwanza: Mwombaji anakubali.* Basi, hakuna zaidi. Ya pili anakanusha, ya tatu anakanusha. Kidole kikasimama kwenye ya nne.

*Mwombaji anakanusha kuwa alama hizi zinafanana. Alama ya mwombaji ina vifaranga wawili, wanaowakilisha watoto wake wawili, msichana wa miaka mitano na mvulana wa miaka mitatu, na ambao hawamo katika alama ya mpinzani.*

"Utetezi dhaifu," wakili alisema. "Mnunuzi hajui hadithi ya watoto, anaona kuku. Hapa tumewashika. Sasa tunaapa kiapo, tunaambatisha daftari..."

Mama Kuku hakuwa anamsikia. Msichana miaka mitano, mvulana mitatu. Bibi wa watu wawili, na habari ameipata kwenye ukanusho. Alirudia mstari ule mara ya pili, ya tatu, akitafuta majina. Hayakuwamo.

Simu yake ikalia. Wakili, ambaye mkono wake ulikuwa tayari na kalamu, akamwashiria aweke sauti ya nje.

"Hapo ni kwa wenye sabuni ya kuku?" Mwanamke, mwenye furaha. "Ile yenye vifaranga, ya ndimu! Nataka katoni mbili."

"Umekosea, dada," alisema Mama Kuku. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. "Hiyo ni ya binti yangu."

"Ah, kumbe! Basi nipe namba yake."

Wakili aliacha kuandika.

"Sina," alisema Mama Kuku.