Sifuri Kwenye Mstari Wangu

Mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alitutumia maelekezo: gusa kiungo, fungua jedwali, tafuta jina lako, andika mchango chini ya mwezi. Nikafanya hivyo Jumatatu. Ijumaa, siku ya kuomba mkopo, mstari wangu ulikuwa na sifuri.

"Mhazini kala hela yako, mdogo wangu," fundi cherehani, mwanachama mwenzangu, alininong'oneza. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Bila mchango ningekosa mkopo, basi nikauliza. Mhazini alifungua kompyuta, akatazama historia ya mabadiliko ya kisanduku changu kwenye jedwali. Likatokea jina la fundi: alikibadilisha Jumatano.

"Niliandika sifuri yangu! Siku ile sikuwa na hela," fundi alisema.

"Ulisogeza jedwali, majina yakajificha, ukakosea mstari," mhazini alimjibu, akarudisha mchango wangu.

Niliomba mkopo. Fundi naye, aliyelipa mchango wake Alhamisi, aliomba fedha hizohizo chache, na mimi bado sijui kama alikosea kweli.