Ngao Kwenye Simu ya Mwanafunzi

Mchoraji wetu wa nembo alikuwa amekula yamini kwamba hatamwiga mtu. Programu ya simu aliyopewa kuivika sura ilikuwa ya wanafunzi, ya kuazimana madaftari na kukumbushana tarehe za kuwasilisha kazi. Mwenye programu, binti aliyemaliza chuo juzijuzi, alikuwa na sharti moja: isifanane na kampuni za ng'ambo zinazojulikana dunia nzima. Ijumaa wangeionesha kwa wanafunzi kumi. Wakiikataa, kazi ingepewa mwingine.

Sharti hilo alilipokea kama sifa. Alibandika ukutani alama za kampuni hizo, akazitia misalaba ya wino mwekundu: herufi nene za mviringo, rangi zinazoyeyukiana, vikaragosi vinavyochekacheka ovyo. Wiki tatu mfululizo alimhubiria mkewe mezani kuhusu uvivu wa vijana wanaonakili. Mkewe alikula.

Ijumaa, katika chumba cha semina, alifuata taratibu zote. Aliipunguza alama yake hadi ukubwa wa ukucha, akaipanga miongoni mwa nyingine kwenye picha ya simu, akaficha jina, kisha akawauliza wanafunzi ni ya nini. Hakuna aliyeifananisha na kampuni yoyote ya ng'ambo. Kifua kikamvimba.

"Samahani, mzee," alisema msichana wa mbele. "Ni ya kuripoti wachelewaji?"

Jirani yake alikiri kwamba alipoiona tu alikaa wima. Wa tatu akauliza kama ukiibonyeza inakagua kucha. Chumba kizima kikacheka.

Mchoraji akaitazama kazi yake kama mgeni. Ngao. Kijani cha giza. Mwenge katikati, na chini yake utepe. Ilikuwa, mstari kwa mstari, beji ya shule aliyoivaa kifuani miaka sita ya bweni. Nyani haoni kundule: alikuwa amekwepa nyumba za watu wote, akaenda kuiba kabatini mwake mwenyewe. Hata ujumbe wa kukumbusha alikuwa ameuandika, "Umechelewa. Jieleze," akauona una upole.

Maneno ya kujitetea alikuwa nayo tele: urithi, hadhi, mizizi. Binti hakumpa nafasi.

"Niambie kweli, mzee wangu. Umeichora, au umeikumbuka?"

"Nimeinakili," alisema, na neno hilo lilimtoka kama jino.

Binti akampa hadi Jumatano, ila aanze kwa kukaa na wanafunzi, wenye simu zao. Basi mzee mzima akajibana kwenye kiti chenye kimeza cha pembeni, akaomba daftari la yule msichana wa mbele. Pambizoni palikuwa na mshale mnene wa kalamu, uliopindapinda kuruka aya mbili, na maneno: "Anzia hapa, ya juu porojo." Msichana akaeleza kwamba huwachorea hivyo wenzake kila anapowaazima.

Aliutazama mshale ule kwa muda mrefu. Penseli ilikwisha kugusa karatasi alipoisimamisha.

"Mwanangu, utaniruhusu niutumie huu?"

"Chukua," alisema msichana. "Ila usiuvalishe tai."