Bomba la Miguu Miwili

Jumatatu saluni ilikuwa imefungwa, na Chiu-mei alikuwa amelala chali chini ya sinki, spana mkononi, maji ya kutu yakimdondokea shingoni. Bomba lilikuwa linavuja wiki nzima. Pei-shan alishanunua jipya, boksi lilikuwa kabatini, ila kila akiambiwa alifunge anasema kesho. Chiu-mei akaona ngoja alifunge mwenyewe, mwenzake akija Jumanne akute tayari.

Walikuwa na saluni hiyo wawili tu, pale mjini Chiayi, nyuma ya soko. Kazi yao nyusi, na kutoa vinyweleo vya uso kwa uzi. Pei-shan alikuja hapo hajui hata kuung'ata huo uzi. Chiu-mei ndiye aliyemfundisha, akamtolea shavu lake yeye Chiu-mei aliparue mpaka likavimba.

Bomba la zamani likatoka. Kwenye sinki yakabaki matundu matatu: mawili ya pembeni ya kupitisha miguu ya bomba, na dogo la katikati la kupitisha kachuma ka kuinulia kizibo. Akafungua boksi.

Bomba lilikuwa na mguu mmoja. Mnene.

Akajaribu kuuingiza tundu la katikati, ukagoma. Na hata ungeingia, yale mawili ya pembeni yangebaki wazi, maji yateremke mpaka kwenye taulo kabatini. Akachukua rula, akapima kutoka katikati ya tundu la kushoto hadi katikati ya la kulia. Sentimita kumi na kidogo.

"Huyu mzee amezeeka sasa," akasema peke yake, akalibeba boksi mpaka dukani.

Mzee Tsai wa duka la mabomba alikuwa anakula wali wa bata mzinga juu ya kaunta.

"Mzee, umetupa la tundu moja. Letu ni matatu."

"Nani, mimi? Mimi nikosee tundu?" Akalichungulia boksi. "Hili siyo lenu, binti. Hili la sinki jipya. Tundu moja, sentimita tatu na nusu. Lenu la miguu miwili nilimpa mwenzako siku hiyohiyo. Maboksi yanafanana, mmebadilisha."

"Sinki jipya lipi?"

"Si la tawi lenu, kule karibu na stesheni. Nilipeleka mwenyewe. Pazuri, viti viwili vya waridi. Nikamwambia mwenzako, mmeamua kututajirikia."

Chiu-mei akacheka kidogo, maana uso ulikuwa haujajua ufanye nini. Simu ya mzee ikalia. Mikono yake ina mafuta, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikajaa duka zima.

"Mjomba, mbona umeniponza," ilikuwa sauti ya Pei-shan. "Bomba lina miguu miwili, sinki lina tundu moja. Fundi amekaa tu hapa ananihesabia saa. Na kesho nafungua."

Mzee akamtazama Chiu-mei. Vijiti vyake vya kulia vikabaki hewani na kipande cha nyama.

Jumamosi iliyopita tu walikuwa kwa mwenye nyumba ya saluni, mkataba mpya wa miaka mitano. "Dada, wewe gonga muhuri wako tu," Pei-shan alisema, "wa kwangu nimeusahau nyumbani." Mwenye nyumba akasema hata mmoja unatosha. Chiu-mei akagonga jina lake, ndiyo saini ya huko, likabaki peke yake kwenye mkataba; akaupuliza wino ukauke, wakaenda kunywa chai pamoja. Pei-shan ndiye aliyelipa.

Chiu-mei akainamia simu. "Pei-shan. Bomba la kwako ninalo mimi."

Huko nyuma mtu anagongagonga kitu.

"Dada... nilikuwa nitakuambia."

"Muhuri wako uliousahau umeuona?"

"Dada, wateja wengine wenyewe ndio walinishauri..."

"Nakuuliza muhuri."

Simu ikakatwa.

Baadaye Pei-shan alikuja kwa pikipiki, akasimama mlangoni mwa saluni bila kuvua helmeti. Wakabadilishana maboksi kama watu wasiojuana.

"Nikusaidie kulifunga?" Pei-shan akauliza. "Tulizoea wawili."

"La kwangu lina miguu miwili, likishaingia halizunguki. La kwako ndilo litazunguka ukikaza nati. Tafuta wa kukushikia."

Pikipiki ikaondoka.

Chiu-mei akateremsha miguu ya bomba kwenye matundu ya pembeni, ikakaa kama imezaliwa humo. Akarudi kulala chini, akakaza nati moja, akakaza ya pili, akaunga mipira ya maji. Juu yake sinki, jeupe, halina habari.

"Haya, fungua maji," akasema kwa mazoea.

Alikuwa ameshainua mkono kukinga matone. Akangoja. Halafu akajitoa chini ya sinki kwa magoti, taratibu, akaenda kufungua mwenyewe.